Barua Pepe ya Kikazi: Ombi la Skrini ya Pili kwa Makarani wa Hesabu

Swali

Wewe ni msimamizi wa idara ya hesabu katika kampuni inayouza vifaa vya ujenzi. Mwandikie meneja mkuu barua pepe ukiomba kampuni iwanunulie makarani walio chini yako skrini ya pili ili kuharakisha kazi ya kulinganisha hesabu za kampuni na taarifa za benki. (alama 20)

Kulielewa swali

Swali la namna hii huletwa kama insha ya kwanza katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili, ile insha ya lazima ambayo huwezi kuikwepa. Maneno yasipungue 400. Watahiniwa wengi wakiona neno "barua pepe" hukimbilia kukumbuka sura yake: kutoka, kwa, tarehe, mada. Sura ni muhimu na tutaifikia. Hata hivyo, sura huandikwa kwa dakika mbili tu. Kinachobaki ni maneno 400 ya kumshawishi mtu anayeshika mfuko wa kampuni, na hapo ndipo insha nyingi hukauka. Mtahiniwa huandika kwamba skrini "zitarahisisha kazi", kisha kwamba "zitaleta maendeleo", kisha kwamba "teknolojia imekua duniani", na maneno yanamwishia katika ukurasa wa kwanza.

Hukauka kwa sababu mwandishi haijui kazi anayoizungumzia. Basi tuanze na kazi yenyewe.

Kulinganisha hesabu ni kufanya nini?

Kampuni huweka daftari la fedha, siku hizi likiwa ndani ya kompyuta. Kila pesa inayoingia au kutoka huandikwa humo. Benki nayo ina rekodi yake kuhusu akaunti ile ile, na kila mwisho wa mwezi hutoa taarifa. Rekodi hizi mbili huwa hazifanani kwa nadra sana, la, hasha: karibu kila mwezi huwa hazifanani. Kazi ya karani ni kutafuta kwa nini, mstari kwa mstari, mpaka tofauti yote ielezeke. Kazi hii huitwa upatanisho wa hesabu.

Chukua mfano mdogo. Mwisho wa Juni, daftari la kampuni linasema kuna Sh. 389,950. Taarifa ya benki inasema kuna Sh. 412,600. Karani anachunguza na kupata mambo matatu. Kwanza, kampuni ilimwandikia muuzaji wa saruji hundi ya Sh. 61,400, naye bado hajaipeleka benki. Pili, Sh. 38,000 zilipelekwa benki jioni ya tarehe 30, kwa hiyo benki haijaziandika. Tatu, benki ilikata ada ya Sh. 750 ambayo daftari la kampuni halikuijua. Ukitoa 61,400 kwenye hesabu ya benki na kuongeza 38,000, unapata 389,200. Ukitoa 750 kwenye daftari la kampuni, unapata 389,200 vilevile. Hesabu zimepatana.

Mfano huu una mambo matatu tu. Duka kubwa la vifaa vya ujenzi lina mamia ya malipo kwa mwezi: hundi, pesa taslimu, M-Pesa za wateja waliolipia misumari na mabati. Kila malipo lazima yaonekane pande zote mbili.

Sasa mtazame karani mwenye skrini moja. Taarifa ya benki iko katika dirisha moja la kompyuta na daftari katika dirisha jingine, na dirisha moja hulifunika lenzake. Anasoma kiasi na nambari ya kumbukumbu kwenye taarifa, anavishika kichwani, anabonyeza Alt + Tab ili daftari lije mbele, anatafuta, anatia alama, kisha anarudi. Akisahau tarakimu moja, anarudi tena. Anaweza kuyagawanya madirisha hayo yakae ubavu kwa ubavu, lakini kwenye skrini ndogo safu za jedwali hukatika na maandishi huwa madogo. Ndiyo maana makarani wengi huishia kuchapisha taarifa nzima ya benki kwenye karatasi na kuitia alama kwa kalamu.

Kushika tarakimu kichwani kuna hasara nyingine. Sh. 54,300 huandikwa Sh. 45,300. Makosa ya kubadilisha nafasi za tarakimu mbili zinazofuatana yana alama yake: tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Hapa tofauti ni 9,000. Si kila tofauti inayogawanyika kwa 9 ilitokana na kosa hili, lakini mhasibu mzoefu akiiona huanza kutafuta tarakimu zilizopinduliwa. Unaweza kuitumia hoja hii katika insha. Mtahini atajua mara moja kwamba unafahamu unachokisema.

Kuipima kazi kabla ya kuomba

Meneja akisoma kwamba skrini ya pili "itaharakisha kazi", swali lake la kwanza ni: kwa kiasi gani? Msimamizi makini hujibu kabla hajaulizwa, na njia rahisi ni kujaribu. Tuseme aliazima skrini moja kutoka chumba cha mikutano, akaiweka kwenye meza ya karani mmoja, akapima muda.

Jaribio lenyewe lina mitego. Ukimpa karani miamala 100 aipatanishe kwa skrini moja, kisha ukampa miamala ile ile 100 aipatanishe kwa skrini mbili, mara ya pili ataimaliza haraka hata kama skrini haikumsaidia chochote, kwa kuwa ameshaijua. Lazima umpe miamala mingine inayofanana na ile ya kwanza kwa ugumu. Mtego mwingine ni wa kifaa. Skrini ya pili ikiunganishwa, kompyuta huweza kuonyesha picha ile ile pande zote mbili, na mtu akadhani haina faida. Katika kompyuta nyingi za ofisi hurekebishwa kwa kubonyeza Windows + P na kuchagua Extend badala ya Duplicate. Ndipo taarifa ya benki hukaa upande mmoja na daftari upande wa pili.

Katika insha yetu tutasema hivi: miamala 100 ilichukua dakika 110 kwa skrini moja, na miamala mingine 100 ya aina hiyo ilichukua dakika 80 kwa skrini mbili. Tarakimu hizi ni za kubuni, na katika mtihani una ruhusa ya kubuni. Usichoruhusiwa ni kubuni tarakimu zisizokubaliana zenyewe kwa zenyewe. Mtahini atazijumlisha.

Tuzijumlishe sisi kwanza. Idara ina makarani watatu na miamala 1,800 kwa mwezi, yaani mafungu 18 ya miamia. Kwa skrini moja ni 18 × 110, dakika 1,980, sawa na muda wa saa 33. Kwa skrini mbili ni 18 × 80, dakika 1,440, sawa na saa 24. Kinachookolewa ni saa 9 kwa idara nzima, au saa 3 kwa kila karani.

Angalia jinsi saa 3 kwa kila karani zilivyo chache. Mtahiniwa asiyepiga hesabu hii angeandika kwamba kazi itamalizika wiki nzima mapema. Haitawezekana. Kama kazi humalizika tarehe 12, ahadi ya tarehe 10 inaaminika, na tarehe 5 haiaminiki.

Saa hugeuka pesa lini?

Hapa pana jambo ambalo hata wafanyakazi wenye vyeo hulikosea. Saa 9 zilizookolewa si lazima ziwe pesa zilizookolewa. Kama makarani wanalipwa mshahara ule ule wamalize mapema au wachelewe, kampuni haitapata hata shilingi moja mfukoni kwa saa hizo. Itapata nafasi ya kufanya kazi nyingine tu. Zinakuwa pesa iwapo saa hizo zilikuwa zikilipiwa kama saa za ziada.

Kwa hiyo katika insha yetu tutaeleza kwamba saa 24 za upatanisho hufanywa ndani ya saa za kawaida za kazi, na saa 9 zinazobaki hufanywa jioni na Jumamosi, kila saa ikilipiwa Sh. 350. Hizo ni Sh. 3,150 kwa mwezi. Pamoja na hayo, kurasa 90 za taarifa za benki huchapishwa kila mwezi kwa Sh. 10 kila ukurasa, na hizo ni Sh. 900. Jumla ni Sh. 4,050 kwa mwezi. Skrini tatu, pamoja na waya zake, kwa Sh. 13,500 kila moja, ni Sh. 40,500. Gawanya 40,500 kwa 4,050 upate 10. Baada ya miezi kumi skrini zitakuwa zimejilipia. Sentensi hii moja ina uzito kuliko aya nzima ya sifa za teknolojia.

Sura ya barua pepe

Barua pepe haina anwani ya sanduku la posta juu kulia wala sahihi ya mkono chini. Ina anwani pepe ya anayeandika, anwani pepe ya anayeandikiwa, nakala ikiwa kuna mwingine anayepaswa kuiona, tarehe, na mada. Mada iwe fupi na itaje ombi. "Ombi" peke yake haitoshi, kwa kuwa meneja hupokea maombi mengi kwa siku. Mwishoni jiandike jina na cheo. Ikiwa umetaja hati unazozituma pamoja na barua, zionyeshe kama viambatisho.

Swali halikusema kama meneja ni mwanamume au mwanamke. Tumia cheo: "Kwa Meneja Mkuu". Usimwandikie mkubwa wa kazi "Hujambo na habari za siku nyingi?", wala usimweleze kwamba u mzima kama kigongo. Hiyo ni sajili ya barua ya kirafiki.

Insha ya mfano

KUTOKA: hesabu@kampuniyetu.co.ke
KWA: menejamkuu@kampuniyetu.co.ke
NAKALA: ununuzi@kampuniyetu.co.ke
TAREHE: 14 Julai 2025
MADA: OMBI LA SKRINI TATU ZA ZIADA KWA MAKARANI WA HESABU
VIAMBATISHO: Jedwali la majaribio, hati ya bei

Kwa Meneja Mkuu,

Ninaomba idhini ya kununua skrini tatu za kompyuta, moja kwa kila karani wa hesabu, ziongezwe kwa zile walizo nazo sasa. Gharama yake yote ni Sh. 40,500, na kwa makadirio yangu zitajilipia katika muda wa miezi kumi.

Kama unavyofahamu, idara yetu hupatanisha miamala ipatayo 1,800 kila mwezi kati ya daftari la fedha na taarifa za benki. Upatanisho wa mwezi wa Juni ulikamilika Jumamosi iliyopita, tarehe 12. Ripoti yako ilichelewa kwa sababu hiyo, nasi tukabaki na siku chache za kukagua hesabu za Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ripoti yake sharti iwasilishwe kufikia tarehe 20.

Nimechunguza chanzo cha kuchelewa huku. Karani hawezi kuiona taarifa ya benki na daftari kwa wakati mmoja. Husoma kiasi katika dirisha moja, akakikumbuka, kisha akafungua dirisha jingine kukitafuta. Mbali na kupoteza muda, njia hii huzaa makosa. Mwezi uliopita malipo ya Sh. 54,300 yaliandikwa kuwa Sh. 45,300, nasi tukatumia asubuhi nzima kuitafuta tofauti hiyo ya Sh. 9,000. Ili kuepuka usumbufu huu, makarani huchapisha kurasa zipatazo 90 za taarifa za benki kila mwezi.

Wiki iliyopita niliazima skrini ya chumba cha mikutano na kufanya jaribio. Karani mmoja alipatanisha miamala 100 kwa skrini moja kwa dakika 110. Alipopewa miamala mingine 100 inayofanana na ile, alitumia dakika 80 kwa skrini mbili. Kwa kiwango hicho, kazi ya mwezi mzima itapungua kutoka muda wa saa 33 hadi saa 24. Saa tisa zitakazookolewa ndizo ambazo sasa hufanywa jioni na Jumamosi kwa malipo ya ziada ya Sh. 350 kwa saa, yaani Sh. 3,150 kwa mwezi. Tukiacha kuchapisha taarifa za benki, tutaokoa Sh. 900 nyingine.

Ningependa kueleza wazi kwamba skrini hizi hazitamaliza matatizo yote. Hundi ambazo wauzaji hawajazipeleka benki, na wateja wanaolipa bila kutaja nambari ya ankara, wataendelea kutuchelewesha. Vilevile, jaribio langu lilimhusu karani mmoja pekee. Natarajia, hata hivyo, kwamba tutaweza kukamilisha upatanisho kufikia tarehe 10 ya kila mwezi.

Nimehakikisha kwamba kompyuta zote tatu zina tundu la kuunganishia skrini ya pili, kwa hiyo hatutahitaji kununua kifaa kingine. Bei ya Sh. 13,500 kwa kila skrini inajumuisha waya. Iwapo fedha za mwezi huu hazitoshi, ninapendekeza tuanze na skrini moja, nami nitakuletea matokeo ya mwezi mmoja kabla ya kununua zile mbili zilizobaki.

Nitashukuru nikipata uamuzi wako kufikia tarehe 25 Julai ili skrini ziwe tayari kabla ya upatanisho wa mwezi huu kuanza.

Wako mwaminifu,
J. M.
Msimamizi wa Idara ya Hesabu

Maelezo juu ya insha

Ombi limekuja katika sentensi ya kwanza. Watahiniwa wengi huliweka mwishoni, wakidhani adabu ni kuzunguka kwanza. Katika barua ya kikazi adabu ni kutompotezea mtu wakati. Meneja anayesoma aya ya kwanza peke yake tayari anajua kitu kinachoombwa, idadi, bei na muda wa kurudi kwa pesa. Aya zinazofuata ni za kumthibitishia.

Tazama maneno "skrini tatu, moja kwa kila karani, ziongezwe kwa zile walizo nazo". Kwa nini yote hayo? Ungeandika "tununuliwe skrini mbili", mtu wa ununuzi angeelewa nini? Mbili kwa idara nzima? Mbili kwa kila karani, jumla sita? Swali linasema "skrini ya pili", na "ya pili" si sawa na "mbili". Ya pili huhesabu nafasi: ipo ya kwanza, inaongezwa nyingine. Mtahiniwa akizichanganya, insha nzima huomba kitu tofauti na kilichoulizwa.

Tofauti nyingine inayofanana na hiyo imo katika neno "saa". Kwa Mswahili, saa tisa ni alasiri. Ukiandika "kazi itapungua hadi saa tisa", msomaji atafikiri kazi inaisha alasiri. Ndiyo maana insha inasema "muda wa saa 33" mara ya kwanza, na baadaye "saa tisa zitakazookolewa", ambapo kitenzi chenyewe kinaonyesha ni urefu wa muda na si wakati wa mchana.

Aya inayokiri kwamba skrini hazitamaliza matatizo yote huwashangaza wanafunzi darasani. Huuliza kwa nini mtu aombaye ajidhoofishe. Jibu ni kwamba meneja anazijua hundi hizo na wateja hao. Ukimwahidi kwamba skrini itaondoa kila tofauti, atakumbuka hundi ya muuzaji wa saruji na kuacha kuyaamini hata yale ya kweli. Aya hiyo iwe fupi, na ifuatwe na kiunganishi cha kugeuza hoja: hata hivyo, lakini, pamoja na hayo. Ukiiacha ining'inie bila kugeuza, itaonekana kama unaliondoa ombi lako.

Jambo la kuanza na skrini moja limewekwa kwa makusudi. Mtu mwenye mamlaka akipewa ombi lenye majibu mawili tu, ndiyo au la, ni rahisi kusema la. Akipewa njia ya tatu inayogharimu Sh. 13,500 badala ya Sh. 40,500, anaweza kuichukua. Lakini usiitangulize. Ukianza kwa kusema "hata moja tu itatosha", utapewa hiyo moja na mazungumzo yataishia hapo.

Kuhusu lugha, neno skrini limo katika ngeli ya I-ZI: skrini hii, skrini hizi. Hakuna "maskrini". Vivyo hivyo kompyuta, taarifa, hundi na ankara. "Upatanisho" ni wa ngeli ya U: upatanisho huu umekamilika. "Muamala" na "miamala" ni U-I: muamala huu, miamala hii. Katika insha hii upatanisho wa kisarufi wa maneno haya hurudi tena na tena, kwa hiyo kosa moja la ngeli hujizalisha mara kumi.

Epuka pia kuirundika -nge-. "Ningeomba kama ungeweza kutuidhinishia" huonekana kana kwamba mwandishi ana shaka na ombi lake mwenyewe. "Ninaomba idhini" ni adabu tosha. Katika insha ya mfano, -nge- ipo mara moja tu, pale mwandishi anapotaka kueleza jambo zito kwa upole.

Mwisho wa barua una tarehe ya kuombea jibu pamoja na sababu yake. Tarehe bila sababu ni amri, na mtumishi hamwamrishi mkubwa wake. Sababu hapa ni ya kweli: upatanisho wa Julai huanza mwezi ukiisha, na skrini zinahitaji siku kadhaa za kuagizwa na kufungwa.

Zoezi

1. Katika daftari la kampuni malipo ya mteja yameandikwa Sh. 27,600. Taarifa ya benki inaonyesha Sh. 72,600. Onyesha kwa hesabu kwamba huenda tarakimu zimebadilishana nafasi, kisha uandike sentensi mbili za kumweleza meneja kosa hilo bila kumtaja karani aliyelifanya.

2. Tuseme makarani hawalipwi saa za ziada. Iandike upya aya ya insha ya mfano inayoanza "Wiki iliyopita niliazima skrini", ukieleza faida ya saa tisa zile bila kuziita pesa. Je, skrini zitajilipia kwa muda gani ikiwa kinachookolewa ni gharama ya kuchapisha peke yake? Ukishapata jibu, amua kama bado ungeitaja hesabu hiyo katika barua, au ungeegemea hoja nyingine.

3. Wewe ni meneja mkuu. Umeisoma barua pepe ya msimamizi na umeamua kuidhinisha skrini moja kwa majaribio ya mwezi mmoja. Mjibu kwa barua pepe ukimweleza uamuzi wako, sababu yake, na matokeo unayotaka kuyaona kabla ya kuidhinisha zile mbili zilizobaki. (alama 20)